Simu haiioni runinga, ikiiona picha inakatakata: anzia hapa

*"Wakuu habari. Nipo Ujiji, nina runinga ya inchi 43 na simu ya Android. Nikitaka kurusha skrini ya simu kwenye runinga, mara nyingi simu inatafuta tu bila kuiona. Siku ikiiona, picha inakatakata na sauti inachelewa. Zote zipo kwenye waifai moja na bando lipo. Tatizo runinga, simu au rauta?"*

Mkuu, kabla hujagusa rauta, ijue kwanza runinga yako inapokea kwa njia gani. Wengi wanahangaika na waifai ya rauta kumbe runinga haiihitaji kabisa. Zipo njia mbili kuu, na kila moja inakwama kwa namna yake.

Ya kwanza ni Miracast. Hapa simu inaongea na runinga moja kwa moja, hewani, bila kupitia rauta, na bando haliliwi kwa kurusha kwenyewe. Kwenye simu unaikuta kwa majina tofauti: Samsung huiita Smart View, nyingine Wireless display au Screen Cast. Runinga nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani huku kwetu Kigoma zina njia hii tu. Mtego wake ni kwamba kwenye nyingi lazima ufungue Miracast kwa rimoti, uiache kwenye ukurasa wa kusubiri, ndipo uanze kutafuta kwa simu. Ukitoka kwenye ukurasa ule, runinga inatoweka kwenye orodha ya simu. Maelezo yako ya "siku nyingine inaiona, siku nyingine haiioni" yananifanya niitilie shaka hii mapema.

Ya pili ni Google Cast, ambayo kwenye boksi la runinga huandikwa Chromecast built-in au Google Cast. Hii ndiyo inayotaka simu na runinga ziwe kwenye mtandao mmoja wa rauta. Runinga kuwa na Android ndani haitoshi. Zipo zenye Android ambazo hazina Google Cast, na badala yake zimewekewa programu kama E-Share. Hizo utazitafuta hadi usiku kwenye Google Home usizione. Mwenye iPhone naye ajue kwamba simu yake hairushi skrini kwa Miracast; inataka runinga yenye AirPlay.

Ukishajua ni Google Cast, sasa tuje kwenye hilo la "waifai moja". Nakupa kisa cha nyumbani kwa dada yangu pale Mwanga, kwa sababu kilikuwa na matatizo yote mawili uliyoyaeleza.

Simu ya mwanawe ilikuwa inaiona runinga mara moja, simu yangu haiioni, na wote tuna intaneti vizuri. Tofauti ya namna hiyo ni dalili nzuri sana, maana inakuonyesha kwamba runinga ni nzima na ina uwezo wa kupokea. Nikaangalia jina la waifai kwenye simu yangu: nilikuwa nimepewa nywila ya mtandao wa wageni, ule wenye neno Guest mwishoni. Rauta moja, bando moja, lakini mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili aliyemo asivione vifaa vya mwenye nyumba. Nikahamia mtandao wa kawaida, runinga ikatokea.

Kwa hiyo usiishie kuona alama ya waifai imewaka. Fungua maelezo ya mtandao kwenye simu, kisha kwenye runinga upande wa Settings, Network, ulinganishe anwani ya IP. Moja ikiwa 192.168.8.20 na nyingine 192.168.8.35, namba tatu za mwanzo zinafanana, kwa hiyo kwa rauta nyingi za nyumbani zipo mtandao mmoja. Zikitofautiana, hazionani. Zikifanana na bado simu haiioni, zima VPN kwenye simu kama unayo, halafu ingia kwenye ukurasa wa rauta utafute mpangilio unaoitwa AP Isolation au Client Isolation. Ukiwa umewashwa, uzime. Huo huzuia vifaa vya waifai visiongee vyenyewe kwa vyenyewe hata kama nywila ni moja.

Tukabaki na kukatakata. Nilichofanya kwanza ni kufungua YouTube ndani ya runinga yenyewe, kwa rimoti. Ikacheza bila kukwama. Jaribio hilo dogo lina maana kubwa: bando na mnara havina kosa, shida ipo kati ya simu na runinga mle sebuleni.

Runinga ile ilikuwa na uwezo wa bendi ya GHz 2.4 pekee, na simu nayo ilikuwa huko huko. Unaporusha skrini kupitia rauta, picha inasafiri mara mbili: simu kwenda rauta, kisha rauta kwenda runinga. Vyote vikiwa bendi moja, safari hizo mbili zinapokezana hewa ile ile. Kifaa cha bei ya kawaida chenye antena moja, kwa waifai ya N kwenye chaneli ya kawaida ya MHz 20, kikomo chake kwenye karatasi ni megabiti 72 kwa sekunde; kwa vitendo unapata nusu au pungufu, na hapo bado hujagawa kwa mbili wala kuhesabu rauta za majirani. Spika ya Bluetooth nayo inatumia bendi hiyo hiyo, kwa hiyo kama unayo, izime wakati wa kujaribu.

Dawa iliyokaa kwa dada ilikuwa waya. Runinga ilikuwa na tundu la LAN nyuma, rauta iko kwenye kabati hilo hilo, tukaunganisha kwa kebo fupi. Simu nikaihamishia bendi ya GHz 5, ile ambayo rauta nyingi huipa jina linaloishia na 5G (haihusiani na 5G ya mtandao wa simu). Picha ikatulia. Kama runinga yako haina tundu hilo, basi iache kwenye 2.4 na uiweke simu kwenye 5. Safari moja itakuwa imehama hewa. Ila rauta chache hazipitishi matangazo ya Cast kati ya bendi hizo mbili, na ukihama runinga inapotea tena kwenye orodha. Ikikutokea hivyo, rudisha simu 2.4 na ubadilishe chaneli ya rauta: jaribu 1, 6 na 11, uone ipi imetulia. Pia GHz 5 haipendi kuta za tofali, kwa hiyo kaa chumba kimoja na rauta.

Kwa Miracast kukatakata kuna chanzo kingine. Simu nyingi zina redio moja. Ikiwa imeunganishwa na rauta kwenye 5 huku inarusha kwa runinga kwenye 2.4, inarukaruka kati ya bendi hizo na picha inakwama. Kama video imo ndani ya simu, jitoe kwenye rauta lakini uache waifai ikiwa imewashwa, kisha rusha.

Na kama unachotaka ni YouTube tu, usirushe skrini nzima. Bonyeza alama ya Cast ndani ya YouTube; runinga itaivuta video yenyewe, na simu unaweza hata kuifunga. Hapo bando linalotumika ni la rauta iliyounganishwa na runinga.

Usikimbilie kununua kebo ya USB-C kwenda HDMI. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati hazitoi picha kwenye tundu lile hata kama kebo inaingia, hivyo nenda na simu yako dukani, waichomeke mbele yako uone picha kabla hujalipa.