Zamu za Ramadhani Dubai: hesabu ya malengo

"Saa zimepunguzwa mbili, lakini bosi wetu wa kituo cha simu bado anataka nipokee simu 64 kwa siku. Nimwambieje?"

Salaam ndugu. Kwanza angalia ratiba yako: Imarati, sekta binafsi hupunguziwa saa 2 kwa siku, ufunge usifunge. Simu 64 kwa saa 8 ni 8 kwa saa, kwa hiyo saa 6 ni 48. Ukibakizwa zaidi, dai ovataimu.

Ugomvi mkubwa uko kwenye zamu. Kwetu, karibu na futuru simu hukauka, baada ya tarawehe zinafurika, kwa hiyo wa jioni huonekana mvivu bure. Mwombe bosi apime kwa simu zilizoingia, na zamu zizunguke kila wiki. Wasiofunga wasibebeshwe zamu zote za magharibi, waulizwe kwanza.