Sloti ya ndege inahesabiwa mbele kule, si kwenye pisti

Wadogo zangu munaoanza kazi ya dispacha hapa Lubumbashi, kuna swali moja munauliza kila wiki, juu ya nini ndege inangojeshwa na sloti wakati hali ya hewa ni nzuri, na mi naona bora nilijibu mara moja kwa urefu. Ndege iko Bruseli inataka kwenda Kinshasa, jua linawaka, abiria wameshakaa, milango imefungwa, na komanda anatangaza kwamba wamepewa sloti, saa ya kuruka waliyopangiwa, watangoja dakika 34. Huku kwetu familia zinapiga simu juu mtoto wao anapaswa kushika ndege ingine Kinshasa ya kumleta Lubumbashi. Na nyinyi munaangalia hali ya hewa ya Bruseli, munaona mawingu hakuna, munasema hawa watu wanatudanganya.

Hawadanganyi. Shida haiko Bruseli, iko saa moja na robo mbele, kusini ya Ufaransa.

Anga ya Ulaya imekatwa vipande, kila kipande tunaita sekta, na kwa kawaida sekta moja inashikwa na watu wawili, mmoja anaongea na marubani kwa redio, mwenzake anapanga ndege zinazokuja. Kichwa cha mtu kina mwisho wake. Kama sekta inaweza kupokea ndege 30 kwa saa na mipango ya safari inaonyesha zitaingia 42, mtu wa sekta hawezi kusema nitajikaza tu. Basi kituo cha EUROCONTROL kule Bruseli, chenye kinapokea mipango ya safari ya Ulaya yote, kinaweka regulasio juu ya ile sekta: ndege 30 kwa saa, manake nafasi moja kila dakika 2. Halafu kompyuta inapanga foleni.

Sasa hapa njo wengi wanapotea. Ile foleni haifuati nani alipakia abiria kwanza, wala nani alituma mpango wa safari mapema. Inafuata saa yenye kila ndege ingefika kwenye ile sekta kama regulasio haingekuwako. Ndege ya kutoka Bruseli, ya kutoka London na ya kutoka Frankfurt zinakutana kwenye mstari mmoja, na kila moja inarudishiwa saa yake ya kuruka kwa kuhesabu nyuma.

Tuhesabu pamoja. Ndege yetu imeandika kutoka parkingi 0840. Kufika kwenye pisti ni dakika 12, kwa hiyo ingeruka 0852. Mpaka mlango wa sekta ni dakika 75, ingefika 1007. Lakini nafasi za 1007 na zenye zinafuata zimeshachukuliwa na wenye walipangwa mbele yake, nafasi ya wazi kwake iko 1041. Toa dakika 75 unapata 0926. Hiyo njo CTOT, saa ya kuruka iliyohesabiwa. Saa mbili kabla ya 0840, yaani 0640, ujumbe wa SAM, wenye unatoa sloti, unaingia biro (nimebadilisha majina na kukata mistari ingine):

```
-TITLE SAM
-ARCID XYZ214
-ADEP EBBR
-ADES FZAA
-EOBT 0840
-CTOT 0926
-REGUL ABCD12M
-TAXITIME 0012
-REGCAUSE CE 81
```

Macho yenu yaende kwanza kwa mstari wa mwisho. CE 81 inasema sababu ni uwezo wa sekta njiani. Siyo mvua na siyo uwanja wa kuondokea, basi kuangalia hali ya hewa ya Bruseli hakutakusaidia kitu. Halafu CTOT: ndege inaruhusiwa kuruka kuanzia dakika 5 kabla mpaka dakika 10 kisha, yaani dirisha la 0921 mpaka 0936. Hiyo ni saa ya magurudumu kuacha pisti, si saa ya kufunga milango. Kama njia yenu inapita regulasio mbili, ile inayochelewesha zaidi njo inatoa saa, na ile ingine inabidi ikubali.

Juu ya nini isingojee hewani? Juu ndege kubwa inayozunguka angani inakula mafuta iliyobeba kwa ajili ya Kinshasa, na tena inajaza sekta ya mtu mwingine, shida inahama tu. Chini, mota zimezimwa, unapoteza dakika peke yake.

Sasa niwaambie kosa lenye nilifanya mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza mu biro moja ya operesheni kule Ulaya, juu naona munaelekea kulifanya vilevile. Niliona CTOT 0926, nikafikiri mpango wetu wa 0840 umekuwa uongo, nikatuma ujumbe wa DLA kusema tutatoka parkingi 0914. Niliona nafanya kazi safi. Dakika 40 kisha ndege zingine zikafuta safari, zingine zikabadilisha njia, nafasi zikafunguka, wenzetu wakaanza kupokea SRM, ule ujumbe wa kurekebisha sloti, wakavutwa mbele. Sisi kimya. Mkubwa wa zamu akanionyesha kwenye skrini: nafasi ya kuruka 0908 ilipita mbele yetu na kompyuta haikuweza kutupatia, juu mi mwenyewe nilishaiambia kwamba kabla ya 0914 hatuko tayari hata kutoka parkingi. Abiria 200 na kitu wakakaa bure na mi njo niliwakalisha.

Kwa hiyo kumbukeni: kuchelewa kunakotoka kwenye sloti hakuandikiwi DLA. Ile EOBT, saa ya kutoka parkingi, ya 0840 inabaki palepale kama nyinyi wenyewe muko tayari 0840. DLA ni ya kuchelewa kwenu, gurudumu limeharibika, wahudumu hawajafika, mafuta haijaingia. Na kama muko tayari kweli, milango imefungwa, komanda aombe mnara utume REA, ujumbe wa kusema ndege iko tayari, hapo kompyuta inajua inaweza kuwaita hata kwa haraka sana. Lakini musiombe REA wakati abiria wanapanda bado, juu ukivutwa mbele halafu ukashindwa kuruka mu dirisha, nafasi inapotea na mnarudi kutafuta ingine.

Kuna wenye wanauliza kuhusu kubadilisha njia. Inawezekana, unazunguka sekta unaandika njia ingine, mara ingine sloti inafutwa kabisa. Ila pima: dakika 34 chini dhidi ya mafuta ya ziada, na kwa ndege iliyojaa ya kwenda mbali hivi, mara nyingi mi nachagua kungoja.

Ile ya kurudi, Kinshasa kwenda Bruseli, haipewi sloti ya namna hii hata ikipita sekta ileile, juu inatokea nje ya eneo lenye mfumo unashika. Inahesabiwa mu ile 30 lakini haizuiwi, wenzake wa Ulaya njo wanasogea kuipisha.

Na saa zote kwenye zile ujumbe ni UTC. 0926 ni 11:26 kwetu Lubumbashi, ni 10:26 Kinshasa, na Bruseli ni 11:26 wakati wa joto lakini 10:26 wakati wa baridi. Mama akipiga simu kuuliza mtoto wake, musimpe CTOT. Ongezeni muda wa safari juu ya ile 0926, mumpe saa ya kufika Kinshasa, na mumwambie kwamba inaweza kubadilika tena kabla ndege haijaruka.