Presha ya ujauzito: kwa nini kidonge cha jirani si chako

Juma lililopita msomaji aliniandikia: "Dada, nimepewa methildopa na nasinzia mchana kutwa. Jirani yangu anatumia nifedipini na hana shida. Nibadilishe?" Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kwa sababu miaka 3 iliyopita ningeuandika mimi mwenyewe.

Katika wiki ya 24 ya ujauzito wangu, presha ilipimwa ikawa 150/100, ikarudiwa baada ya muda ikawa ile ile, na mkojo haukuwa na protini. Kabla ya kuandika dawa yoyote daktari aliniuliza swali moja ambalo sikulitarajia: "Una pumu?" Nilimwonyesha pampu yangu ya kuvuta iliyokuwa kwenye mkoba, naye akaiondoa labetaloli papo hapo. Katika nchi kama Uingereza hiyo ndiyo dawa wanayoanza nayo, na ni dawa nzuri, lakini inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na mtoto akizaliwa hupimwa sukari kwa kuwa inaweza kushuka. Zilibaki methildopa na nifedipini. Nikaanzishiwa methildopa, miligramu 250 mara tatu kwa siku, kisha ikapandishwa hadi 500 mara tatu.

Mama mkwe wangu alisema dawa hizo zitamlemaza mtoto, na sina budi kukiri kwamba neno lile bado linaniuma. Watoto ambao mama zao walitumia methildopa walifuatiliwa hadi umri wa miaka 7 na nusu, wakaonekana kukua kama wenzao. Dawa za presha za kuogopwa katika ujauzito ni nyingine, kama kaptopirili, enalapirili na losatani, ambazo zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni.

Kosa langu lilikuwa usingizi, au tuseme namna nilivyoukabili. Methildopa hufanya kazi kupitia ubongo, kwa hiyo kusinzia na kukauka kinywa ni jambo la kawaida, hasa siku za mwanzo na kila dozi inapoongezwa. Nilipitilizwa kituo na daladala mara mbili nikiwa nimelala, na kazini nilikosea kujumlisha hesabu. Basi nikaacha kidonge cha mchana bila kumwambia mtu. Kliniki iliyofuata presha ilikuwa 158/104. Daktari, akiamini kwamba nameza vyote, aliona dawa haitoshi na akataka kuiongeza. Hapo nilikiri kwa aibu. Hakunigombeza, alipanga upya saa za kumeza, akaweka dozi kubwa usiku, na akaongeza nifedipini ya kutolewa polepole, miligramu 20 asubuhi na jioni. Kidonge kilichoachwa kimyakimya humdanganya daktari kuliko kipimo kibovu, na hili nalisema kwa ukali kwa kuwa nililifanya.

Nifedipini hulegeza mishipa ya damu, nayo ikaja na mambo yake: uso kuwaka moto, miguu kuvimba, na kichwa kugonga kama saa moja baada ya kumeza. Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu kifafa cha mimba nacho hutanguliwa na maumivu ya kichwa. Muuguzi alinifundisha nisikisie, nipime. Kichwa kikiuma baada ya kidonge, kikatulia, na presha iko chini, huenda ni dawa. Kikiuma na presha ni 160/110 au zaidi, au macho yanaona vimulimuli, au kuna maumivu chini ya mbavu za kulia, ni hospitali saa hiyo hiyo. Asiye na kipimo nyumbani aende tu.

Katika wiki ya 36, saa nane usiku, kipimo kilisoma 168/112. Hospitalini protini ilikuwa imeingia kwenye mkojo. Nilipewa nifedipini ya haraka, miligramu 10, ya kumezwa. Si ya kutafuna wala kuwekwa chini ya ulimi, kwani presha ikiporomoka ghafla damu hupungua kwenye kondo. Walipima tena baada ya dakika 20, wakanipa magnesiamu salfeti kuzuia degedege, na mtoto akazaliwa asubuhi. Methildopa ilisimamishwa ndani ya siku 2, maana inaweza kuzidisha huzuni baada ya kujifungua, nami nikaendelea na nifedipini huku nikinyonyesha.

Kwa hiyo, dada uliyeniandikia, usibadilishe wala usiache. Sijui kama jirani yako ana pumu, wala kipimo chake kinasomaje. Rudi kliniki kabla ya tarehe yako, ukiwa umeandika saa unazomeza, saa usingizi unapokujia, na kila kidonge ulichoruka, hata kile unachokionea haya.