Maneno ya kumwambia mwenye duka kabla hujataja bei ya ulinzi

*Wakuu, nimeanza kazi ya kutafuta wateja kwenye kampuni ndogo ya ulinzi hapa Dar. Nimepewa safu ya fremu sita Sinza, ulinzi wa usiku tu. Nikianza kuongea wenye maduka wananiona tapeli, na wakiniuliza "tukiibiwa mtalipa?" nakwama. Naomba maneno ya kuongea nao kwa utulivu, na nieleze vipi tunachofanya na tusichofanya.*

Mkuu, kabla sijahamishiwa kutafuta wateja nilikuwa msimamizi wa malindo kwa miaka minne. Kwa hiyo maneno yangu nimeyapata usiku, kwenye milango iliyovunjwa.

Kwanza usiende asubuhi mapema. Mtu hajauza hata kitu cha kwanza, wewe unamletea habari za kutoa pesa! Nenda kama saa nne na nusu hivi. Na usianze na hadithi za wizi. Mimi nilianza hivyo siku za mwanzo, mama mmoja wa vipodozi akanitazama akaniuliza, "Wewe umejuaje haya yote?" Alikuwa na haki. Mgeni anayekuja kukutisha habari za wezi, unaanza kujiuliza ametumwa na nani.

Kabla ya kuongea na yeyote, zunguka nyuma ya jengo. Hili nilijifunza kwa hasara. Kuna safu moja niliwaambia wenye maduka, "Tutalinda kila kitu." Mlinzi akakaa mbele usiku kucha, macho makavu, makufuli yote mazima. Asubuhi fremu ya mwisho ikakutwa tupu: wameng'oa bati upande wa uchochoroni, wakatoboa dari, wakashuka. Mwenye duka akadai vitu vya milioni nne. Mkataba wetu ulisema "kulinda duka", basi, bila kusema upande gani. Tulivutana miezi mitatu. Siku hizi nikikuta nyuma hakupitiki wala hakuna taa, nasema hapo hapo.

Sasa maneno yenyewe. Mimi huongea hivi, taratibu:

"Shikamoo mama. Poleni na kazi. Natoka kampuni ya ulinzi, kitambulisho changu hiki. Sitaki uamue leo. Naomba dakika tano nikueleze mlinzi wetu anafanya nini usiku na nini hafanyi, halafu nikuachie karatasi uisome na wenzako."

Hapo nyamaza. Akisema ana mteja, subiri pembeni au omba saa ya kurudi. Akikupa nafasi endelea:

"Mlinzi anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Kazi yake ni milango, makufuli, na eneo la mbele na nyuma ya fremu hizi sita. Ukifunga, unafunga yeye akiona. Anavuta kila kufuli, anaandika idadi kwenye daftari, mnasaini wote wawili. Asubuhi mnahesabu tena kabla hujafungua. Funguo hatushiki. Vilivyomo ndani hatuvihesabu, kwa hiyo mlinzi hawezi kusema kulikuwa na nini."

Hiyo sehemu ya makufuli usiipite haraka, maana ndiyo huduma yenyewe. Kufuli lisipovutwa jioni, asubuhi hakuna anayejua kama lilivunjwa au kijana wa duka alilisahau wazi. Nimeona yote mawili.

Kisha mipaka. Iseme kwa sauti ile ile, usiinong'one kama kosa:

"Mlinzi hapigani na watu wenye silaha. Anapuliza filimbi, anampigia msimamizi wake, polisi, halafu wewe. Akimkamata mtu anamkabidhi polisi bila kuchelewa, hampigi wala hamfungii. Friji la soda, meza au magunia yanayolala nje hayamo, mpaka tuyaandike kwenye orodha. Na haruhusiwi kupokea mizigo ya wamachinga kulala hapa."

Hilo la mwisho watalicheka, lakini linawagusa. Mlinzi akishapokea vifurushi vitano vya watu kwa mia tano mia tano, macho yake yanalinda vifurushi. Wenye maduka wanalijua, wanashukuru ukilitaja wewe kwanza.

Ndipo linakuja swali lako. Usijibu "ndiyo" wala "hapana". Mimi husema: "Inategemea tukio, na namna ya kuamua imeandikwa. Kama kufuli lililosainiwa jioni limevunjwa na mlinzi hakuwepo au alilala, ni uzembe wetu, tunalipa mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Unatoa taarifa polisi, unapata namba ya RB, unatuletea na risiti za manunuzi ya mali iliyopotea. Kama jioni hukusaini, au mali imetolewa na mtu mwenye ufunguo, hatulipi." Kiwango hicho kaulize ofisini kwenu kabla hujatoka. Kama bosi hajakiweka, usikibuni barabarani. Mwambie mteja utarudi nacho, na urudi kweli.

Bei sasa. Tuseme kwa mfano ofisi yako inataka laki sita kwa mwezi kwa lindo zima. Kwa fremu sita ni laki moja kila moja. Kama kampuni imesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ongeza asilimia 18: jumla 708,000, kila mmoja 118,000. Taja hiyo ya pili. Ukitaja laki moja halafu ankara ije na 18 juu, ule utapeli waliokushuku umeuthibitisha mwenyewe.

Atasema Mmasai wao analinda kwa nusu ya hapo. Usimseme vibaya yule mzee, huenda amelinda hapo kabla wewe hujamaliza shule. Eleza hesabu tu: usiku saba za saa kumi na mbili ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki, na saa za ziada zina ukomo wake, 50 kwa wiki nne. Mtu mmoja hawezi kulibeba lindo hilo kihalali, ndiyo maana kuna mwenzake wa kumpokea. Ukisikia kampuni inalinda kwa bei ya mtu mmoja, kuna mtu anafanya kazi bila siku ya mapumziko, na huyo ndiye atakayelala saa tisa usiku. Hili waambie pia wakitaka kukushusha bei.

Bado kuna tatizo la fremu ya katikati. Katika sita, mmoja atagoma kuchangia, akijua mlinzi hawezi kumruka. Usigombane naye wala usiwaachie wenzake wagombane. Waambie waliokubali: "Mkataba ni wa fremu tano. Ile ya sita mlinzi akiona hatari atapuliza filimbi kama jirani yeyote, lakini kufuli lake haliandikwi, na sisi hatuwajibiki nalo." Kisha gawa upya hadharani: 708,000 kwa watano ni 141,600 kila mmoja. Wakiona tofauti ya 23,600, watakwenda kumwongelesha wenyewe. Wewe usiende.

Mkisaini, usiku wa kwanza nenda mwenyewe saa mbili, wakati wanafunga. Simama na mlinzi avute makufuli yote mbele yao. Mara nyingi kuna moja linafunguka.