Nyuso za rangi ya chungwa katika picha za machweo

"Nimepiga picha za familia ufukweni Lindi jua likizama, nyuso zote zimekuwa za chungwa. Nirekebishe vipi bila kuua ule mwanga?"

Kuna ndugu hapa amekushauri uvute Temp, yaani joto la rangi, ya picha nzima upande wa buluu. Yuko sahihi nusu, kwani nyuso zitatulia, lakini mchanga na anga navyo vitapoa na picha itaonekana ya saa tisa alasiri.

Katika Lightroom, iache Temp ya jumla, ufungue Masking, uchague People, kisha Face Skin pamoja na Body Skin, maana uso ukipoa peke yake shingo itausaliti. Picha ya shangazi yangu niliyoipiga Mikindani ilitosheka na Temp -12 na Saturation -15 ndani ya eneo hilo tu. Tazama weupe wa macho na meno: ukibaki na umanjano kidogo, umefika, ukielekea buluu, umezidisha. Ngozi nyeusi ikipunguzwa Saturation kupita kiasi hugeuka majivu, nami ningependa uchungwa kidogo kuliko majivu.

Kabla ya yote, angalia pembetatu ya kulia juu ya histogramu. Ikiwaka nyekundu, rangi hiyo imefika ukomo mahali fulani, na kama ni kwenye paji la uso au mashavu, punguza Highlights kwanza. Faili ya RAW mara nyingi hurudisha kitu. Kwa JPEG, doa lile bapa huenda likabaki.