Pilau yenye pilipili, wageni kumi na wawili na majagi mawili

Idi iliyopita nilipika pilau ya nyama ya ng'ombe hapa kwangu South B, kwa watu 12: mama mkwe aliyetoka Mombasa, mjomba mwenye kisukari, majirani wawili ambao nyumbani kwao chakula hakitiwi viungo vikali, watoto wanne, na sisi wengine tunaopenda pilipili mbichi itokeze kwenye sahani. Sitaki kupika sufuria mbili za pilau. Nimejifunza kuzipatanisha ndimi hizo kwa vinywaji.

Mwaka wa kwanza nilikosea kabisa. Niliweka soda ya tangawizi iliyotoka kwenye friji, nikidhani ubaridi na utamu vitatosha. Mtoto wa miaka sita alikula kijiko cha pilau na kachumbari, akanywa soda, akaanza kulia. Sababu yake niliielewa baadaye. Gesi ya soda hugeuka asidi hafifu mdomoni na kuchokoza neva za maumivu, na tangawizi nayo huwasha kwa njia ileile ya pilipili. Nilikuwa nimemwongezea moto juu ya moto. Maji matupu nayo hutuliza kwa sekunde chache tu, kwa kuwa kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe, haiyeyuki vizuri majini.

Kinachoiondoa ni maziwa. Protini yake iitwayo kaseini huishika kapsaisini na kuibandua ulimini. Kwa hiyo jagi langu la kwanza ni la mala. Nachukua lita moja na nusu ya mala isiyo na sukari wala ladha, naipiga kwa mchapo na nusu lita ya maji baridi, chumvi kidogo, na nusu kijiko cha chai cha bizari nzima niliyoikaanga bila mafuta na kuisaga. Hiyo bizari ndiyo inayokifunga kinywaji na pilau, kwa sababu harufu ni ile moja. Watoto nawatengea yao kabla ya kutia bizari, nikaweka asali kidogo. Usitie barafu ndani, ikiyeyuka mala inakuwa maji. Poza jagi lenyewe. Ukiona maji ya kijani hafifu yamejitenga, mala haijaharibika, ikoroge tu.

Majirani wale niliwamiminia mala kabla sahani hazijafika. Nikawaambia wanywe funda moja kwanza, kisha funda baada ya kila vijiko viwili vitatu, wasingoje mpaka mdomo uwake. Walimaliza sahani zao, na mmoja akaongeza.

Jagi la pili ni la ukwaju, nalo lina kazi tofauti. Halizimi pilipili. Pilau yenye mafuta ya nyama hukinaisha ukifika nusu ya sahani, na uchachu ndio unaosafisha ulimi na kurudisha hamu ya kula. Mama mkwe hawezi kukaa mbele ya pilau bila ukwaju, na ni kweli, wanaopenda pilipili huufurahia kuliko mala. Nanunua Marikiti, robo kilo. Nauloweka katika lita moja ya maji ya moto kwa dakika 40, naufikicha kwa mkono hadi kokwa zitoke safi, nachuja, kisha naongeza maji baridi hadi zitimie lita tatu. Onja: ukikunja uso, ongeza maji kabla hujafikiria sukari.

Sukari siitii kwenye jagi. Naichemsha na maji kwa vipimo sawa iwe shira, naiweka kando katika kikombe, kila mtu ajipimie. Hivyo mjomba alikunywa ukwaju wake bila sukari pamoja na wenzake, bila kutengewa kinywaji kama mgonjwa. Hata hivyo tunda lenyewe lina sukari yake, kwa hiyo alikunywa glasi moja, kisha akaendelea na maji. Mwenye kiungulia namshauri aache ukwaju.

Kama kuna mgeni ambaye maziwa humsumbua tumbo, mala ina laktosi, ile sukari ya maziwa inayomsumbua, pungufu kuliko maziwa mabichi, lakini bado imo, usimlazimishe. Mpe tui jepesi la nazi lenye iliki na chumvi kidogo. Halifikii mala, ila mafuta yake huyeyusha kapsaisini kiasi cha kumwezesha kuendelea kula.

Lita mbili za mala, tatu za ukwaju na maji ya kutosha zilitufaa watu 12, ikabaki glasi moja ya mala. Chai ya rangi yenye iliki niliipika baada ya sahani kuondolewa na midomo kupoa, kwa sababu chai ya moto juu ya pilipili huamsha muwasho wote upya.