Shangazi yako asemapo hataki kitu

"Baba, shangazi anatimiza miaka 70, na kila nikimuuliza nimletee nini ananijibu hataki kitu. Nitapataje kitu atakachokitumia kweli, kisiishie kabatini?"

Mwanangu,

Acha kumuuliza. Hakufichi. Ukimuuliza anataka nini, anawaza vitu vya dukani, na hivyo kweli hana haja navyo. Shida alizozizoea hazimjii akilini, kwa sababu kila moja ameshaitafutia ujanja wa kuishi nayo. Huo ujanja ndio wa kutazama. Ukiwa kwake, angalia kitu kinachofanya kazi isiyo yake: kisu kinachokazia skrubu, kiti kinachopandwa kufikia rafu ya juu, kitambaa kilichozungushwa kwenye mpini.

Mimi nilipokaa naye juzi niliona simu. Jioni akitaka kusoma, huiegemeza kwenye kikombe, huwasha tochi yake, kisha huusogeza ukurasa hapo. Baada ya muda simu inateleza, naye anaisimamisha tena bila hata kukatiza hadithi anayonipigia. Uzi wa sindano anautunga mchana tu, dirishani. Nilimuuliza kama macho yanamsumbua, akasema hayana neno, amepimwa karibuni na miwani ni mpya. Namwamini. Anachokosa ni mwanga.

Umri ukisonga, mboni haifunguki tena kama zamani, na lenzi ya jicho huanza kuwa na umanjano. Ndiyo maana inakadiriwa kwamba mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho kama theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 katika chumba kilekile. Wewe ukiingia sebuleni kwake unaona panang'aa. Yeye anaona kama jua limeshazama.

Usikimbilie kumbadilishia balbu ya darini. Kinachosaidia zaidi ni kuusogeza mwanga karibu. Taa iliyo mita 2 kutoka kwenye kitabu ukiileta mita 1, mwanga unaofika kwenye ukurasa unakaribia kuwa mara 4, na balbu ni ileile. Kwa hiyo mtafutie taa ya kusomea yenye shingo inayokunjika, ya kusimama sakafuni kando ya kiti chake, ili asilazimike kuondoa vitu mezani. Lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga wa balbu, 400 hadi 500 zinamtosha kwa umbali huo. Kelvini, zinazoonyesha rangi ya mwanga, ziwe 2700 hadi 3000, ule mwanga wa manjano kidogo. Mweupe sana hataupenda sebuleni usiku, ataizima na kurudi kwenye simu.

Halafu swichi. Zawadi nyingi za namna hii hufia hapo. Ikiwa swichi iko kwenye waya nyuma ya kiti, ataitumia wiki ya kwanza tu. Iwe kwenye shingo ya taa, ya kubonyeza, kubwa ya kutosha kuipata gizani kwa vidole. Taa za kuchaji mimi sizipendi kwa mtu wa tabia yake: siku itakapoishiwa moto katikati ya sura, haitawashwa tena. Ya waya basi, lakini pima kwanza kutoka kwenye kiti hadi soketi, na waya upite ukutani, usikatize njia anayopita usiku.

Kabla ya kununua, mpelekee ya kwako ile ya mezani. Mwambie wazi unataka aijaribu kwa wiki moja. Iweke upande wa kushoto, maana anashona kwa mkono wa kulia na kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kichwa cha taa kiwe chini ya usawa wa macho yake, balbu isionekane akiwa ameketi. Akianza kukunja uso au kusema inamchoma, teremsha kichwa kwanza. Kama bado inamchoma hata balbu ikiwa imefichika, achana na mambo ya taa umpeleke tena kwa daktari wa macho, kwani mtoto wa jicho huanza hivyo pia: mwanga unatawanyika ndani ya jicho na kuongezewa kunazidisha kero.

Wiki ikiisha usimuulize kama ameipenda, atakwambia ndiyo kukuridhisha. Tazama imekaa wapi. Ikiwa ameisogeza mwenyewe, amekunja shingo yake kwa namna yake, na kikombe kimerudi jikoni, kanunue. Ikiwa iko palepale ulipoiacha, ichukue urudi nayo. Zawadi basi itokane na kile kiti anachopanda kufikia rafu, na hicho kinanitia hofu kuliko giza.

Risiti usiitupe. Na taa usiipambe kwa karatasi za kung'aa; iwashe tu siku hiyo jioni, kabla hajaketi.

Baba yako